Protekta ya kioo au ya plastiki: ipi ununue, na namna ya kuibandika bila vumbi

Karibu kila protekta ya kioo imeandikwa 9H kwenye boksi, na muuzaji atakwambia maana yake haikwaruziki. Hiyo 9H ni ya penseli: penseli ngumu kuliko zote katika kipimo hicho imepitishwa juu ya kioo, haikuacha mkwaruzo. Ugumu wa madini hupimwa kwa kipimo kingine, cha Mohs, na humo kioo kiko kwenye 5.5 hadi 6 hivi wakati mchanga wa kwatzi uko 7. Ndiyo maana protekta hukaa miezi mfukoni pamoja na funguo bila alama, kisha siku moja ya ufukweni ikairudisha ina michirizi.

Protekta huchaguliwa kwa umbo la skrini, mahali ilipo sensa ya kidole, na gundi. Kwa mpangilio huo, tungenunua hivi.

1. Kioo chenye gundi nzima. Kwa simu yenye skrini bapa, usihangaike na nyingine. Unene wa kawaida ni milimita 0.33, na kingo zake zimesagwa zikawa mviringo kidogo. Boksi litasema 2.5D. Maandishi ya 9D, 11D au 21D si kipimo cha kitu chochote, ni mashindano ya kuandika namba kubwa.

Kioo chembamba hivi huimarishwa kwa kuzamishwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto, ikaukaza uso wake. Kikiwa kizima kinavumilia vizuri. Kikimeguka ukingoni, hata kipande kidogo kama punje ya mchele, ufa huanzia hapo na siku moja utatembea mpaka katikati bila simu kuanguka. Kwa hiyo kagua kingo kabla ya kulipa: pitisha ukucha kuzunguka pande zote nne, na ukikwama mahali, omba nyingine.

2. Haidrojeli. Hii ni plastiki laini aina ya TPU, inayojinyoosha yenyewe ikikwaruzwa kidogo. Ichukue kama skrini yako imepinda pembeni, maana kioo cha kawaida hunyanyuka kwenye pinda. Ichukue pia kama sensa ya kidole iko chini ya skrini na inasumbua ukiweka kioo. Kwenye simu kuanguka haisaidii sana. Kuna kioo cha gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya UV kwa ajili ya skrini zilizopinda, na kinashika vizuri, ila gundi hiyo ikimiminwa kwa pupa huingia kwenye spika ya sikioni na vitufe vya pembeni. Mpe fundi anayeziba matundu hayo kwanza.

3. Kioo cha faragha. Wa pembeni kwenye daladala haoni unachosoma. Gharama yake ni mwanga: skrini inafifia, unapandisha mwangaza, chaji inaisha mapema.

4. Plastiki ya kawaida (PET). Ina unene wa kama milimita 0.1, inazuia mikwaruzo tu, na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Zile zinazouzwa kwa jina la seramiki tunaziweka hapahapa. Zikunje taratibu uone: zinapinda kwa sababu ni plastiki.

Usinunue kabisa: kioo chenye gundi kwenye fremu nyeusi tu. Kwa mbele kinafanana na cha gundi nzima, na mara nyingi wauzaji huvichanganya kwenye boksi moja. Chungulia nyuma yake kabla hakijavuliwa nailoni: cha gundi pembeni kina utepe unaoonekana ukizunguka ukingo. Kikishabandikwa, hewa inabaki kati yake na skrini, kidole kinagoma katikati, na vumbi huingia polepole kupitia matundu ya spika.

Kubandika

Tuchukue Samsung Galaxy A14: skrini bapa ya inchi 6.6, kamera ya mbele kwenye kitone juu katikati, sensa ya kidole kwenye kitufe cha ubavuni. Unahitaji kifuto chenye spiriti, kitambaa kikavu cha kufutia miwani, selotepu, na kama dakika 10.

Vumbi linalokuharibia kazi linatoka hewani na kwenye nguo zako. Zima feni, usikae kitandani wala kwenye zulia, na vua sweta. Bafuni dakika chache baada ya mtu kuoga maji ya moto ni mahali pazuri, kwa sababu mvuke unalishusha vumbi chini.

Vua kava. Bandua karatasi ya plastiki ya kiwandani kama ipo. Simu nyingi za Tecno, Infinix na Redmi huja nayo, na kubandika kioo juu yake ni kualika viputo. Kisha, kabla hujafungua gundi, weka protekta kavu juu ya skrini na nailoni yake ikiwa bado chini. Linganisha kwa kamera na tundu la spika, si kwa kingo. Ibaki nafasi ndogo iliyo sawa kushoto na kulia. Ikipanda kwenye mzingo wa ukingo utapata mstari mweupe usiotoka. Sasa funga ubavu mmoja mrefu kwa vipande viwili vya selotepu, nusu kwenye protekta na nusu kwenye ubavu wa simu. Umepata bawaba, na protekta inafunguka kama jalada la kitabu bila kupoteza mahali pake.

Ifungue. Futa skrini kwa spiriti, kausha kwa kitambaa, halafu piga selotepu skrini nzima, bandika na bandua, huku umeinamisha simu kuelekea taa. Kwa mwanga wa pembeni kila chembe inaonekana. Pale ulipomaliza usifute tena kwa kitambaa, maana kitaacha nyuzi. Vuta nailoni ya gundi na ufunge kitabu papo hapo. Iache ishuke yenyewe, kisha bonyeza kidole kimoja katikati. Utaona gundi ikitambaa kwenda pembeni. Plastiki haitambai hivyo, hiyo unaisukuma kwa kadi iliyofungwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje.

Kiputo kikibaki, kisukume. Kikihama, ni hewa: kipeleke ukingoni, na vidogo vilivyosalia kwa kawaida hupotea ndani ya siku moja au mbili. Kikirudi palepale na kuna kitone katikati yake, ni vumbi, na kusugua kutwa hakutakitoa. Inua upande ulio karibu kwa selotepu iliyobandikwa juu ya protekta, usiingize kisu wala wembe. Kwa kipande kingine gusa chembe hiyo ilipo, kwenye gundi au kwenye skrini, kisha shusha taratibu. Gundi ya kioo ni ya silikoni na inakubali kuinuliwa mara mbili tatu. Ya PET hutoka na mikunjo.

Rudisha kava na utazame pembe nne. Kukitokea weupe kwenye pembe moja muda huohuo, kava linausukuma ukingo juu, na kosa si la ubandikaji: ama ubadili kava, ama utafute protekta iliyo nyembamba zaidi pembeni.