Kusimamisha gazeti la nyumbani: wiki tatu za kubishania nakala 18

Gazeti lenyewe sina neno nalo. Hasira yangu ni ya kaunta yao hapa Nairobi. Barua ya kusimamisha niliipeleka mkononi, nikadai nakala zilizobaki, na yule dada hakuinua hata uso: "Mzee, gazeti likishachapwa limeshachapwa." Nani alimwambia nataka fedha za magazeti yaliyochapwa? Nadai ya ambayo hayajachapwa!

Nililipia mwaka mzima, Jumatatu hadi Jumamosi: nakala 312 kwa shilingi 50 badala ya 60 za muuza magazeti, jumla 15,600. Siku ya barua nilikuwa nimepokea 130. Zimebaki 182, mara 50, ni shilingi 9,100. Wao wakaleta 6,720.

Kilichotokea ni hiki. Kijana wa pikipiki hagawi kwa kufuata barua ya ofisini, anafuata orodha aliyopewa na ajenti, na ajenti analipwa kwa kila nakala inayofika. Jina lisipofutwa kwenye orodha hiyo, gazeti linakuja tu. Lilikuja wiki tatu zaidi, nakala 18, mlinzi akazisaini zote getini kwa uungwana wake. Kila saini ikageuka ushahidi kwamba nimepokea.

Kwa hiyo ukitaka kusimamisha, andika barua nakala mbili, yako igongwe mhuri wenye tarehe. Siku hiyohiyo mpigie ajenti; namba yake kijana wa pikipiki anayo. Kisha mwambie mlinzi asipokee wala asisaini, na gazeti likitupwa ndani hata hivyo, lipige picha likiwa bado limekunjwa, tarehe ya ukurasa wa kwanza ikionekana. Usilisome. Najua inauma, hasa la Jumamosi.

Lile pengo la 2,380 nililipasua vipande viwili. Shilingi 1,080 ni zile nakala 18 walizozihesabu kwa bei ya 60. Zilizobaki 1,300 ni punguzo walilolirudisha kwao: nakala 130 nilizosoma, kila moja shilingi 10 zaidi. Hapo nilifoka kweli, nikaita wizi. Baadaye nikasoma nyuma ya risiti, maandishi madogo kama mchanga: punguzo ni la anayemaliza mwaka. Basi, hilo ni haki yao, ingawa wangelisema wakati wa kupokea pesa.

Zile 1,080 sikuziacha. Nilirudi na barua yenye mhuri na picha, nikakutana na msimamizi, bwana mmoja mpole aliyehesabu kwa kalamu mbele yangu. Pesa ziliingia M-Pesa kabla sijafika kituo cha matatu.

Nilikuwa nimeapa kutowapa tena hata senti. Kwa ajili ya bwana yule, labda ningelipia tena, ila mwezi mmoja mmoja. Mwaka mzima, hapana. Na kaunta ile, kama yule dada bado yupo, napo hapana.