Chanjo za msingi na chanjo za hiari kwa mbwa wa Pemba

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya msingi, wala haina mjadala: ugonjwa ulitoweka Pemba mwaka 2014, ukaingia tena 2016, na mtu akishaonyesha dalili zake kupona ni nadra mno. Za msingi pia ni distempa, parvo na homa ya ini ya mbwa. Chanjo ya homa ya mgunda kwa muda mrefu imewekwa upande wa hiari, ingawa kwa maoni yangu jina hilo la hiari huwapotosha wafugaji wengi.

Daktari wa mifugo huamua kwa kuangalia mbwa anakopita. Mbwa wa Chake Chake asiyetoka uani huenda asiihitaji. Lakini anayelinda bonde la mpunga, akikanyaga na kunywa maji yaliyotuama yenye mkojo wa panya, anastahili sindano mbili zinazopishana kwa wiki mbili hadi nne, kisha moja kila mwaka, kwa kuwa kinga yake ni fupi na huhusu aina za vimelea zilizomo kwenye chanjo tu.

Baada ya sindano, uchovu, homa ndogo au uvimbe pale ilipoingia huisha kwa siku chache. Uso ukivimba, mbwa akitapika mfululizo au akianguka, mara nyingi ndani ya saa chache za mwanzo, arudishwe kwa daktari mara moja. Mbwa mdogo wa umbo aliyepewa chanjo kadhaa kwa pamoja huathirika zaidi, hivyo daktari anaweza kuahirisha ile ya hiari.