Mpira wa presha kuka hauulizwi lita

Msomaji wa Wete kaniletea picha ya presha kuka yake ikiwa juu ya jiko, kaandika: "Dada, hii ni ya lita 5, mpira umelegea. Kuna duka Darajani wanao wa lita 5, niwaagize?" Usiwaagize, bibiye. Malalamiko ya aina hii yamenijaa, na karibu yote yanaanzia kwenye hizo lita.

Lita ni ujazo wa sufuria, na mpira unakaa kwenye kifuniko. Sufuria yenye upana wa sentimita 22 na kina cha 13 inachukua kama lita 5. Yenye upana wa 20 na kina cha 16 nayo ni lita 5. Mpira wa ile hauikubali hii. Kwa presha kuka za chapa ya Hawkins mambo yanageuka tena, kwani mpira mmoja huvaliwa na sufuria za lita tofauti.

Kwa hiyo nilimwambia ageuze kifuniko, akilaze mezani, aweke kadi ya benki ndani yake karibu na ukingo, kimo kimoja na mpira unapokaa, kisha apige picha simu ikiwa juu wima. Picha ya ubavuni huifanya duara ionekane yai. Ya pili ni ya kitako cha sufuria, palipogongwa jina.

Picha ya kifuniko ndiyo iliyosema kila kitu. Kwanza, kilikuwa cha kufunika kwa nje na kuzungushwa, na mpira wake hujificha kwenye mfereji wa ndani. Hizo ndizo Prestige zilizozoeleka. Hawkins ya asili kifuniko chake huingizwa kwa kuinamishwa, ndiyo maana si duara kamili, na mpira huvaa ukingo wake kwa nje. Mipira ya aina hizi mbili haibadilishani hata kama vipimo vimelingana. Pili, urefu wa kadi ya benki ni sentimita 8.56. Kwenye kioo cha simu yangu kadi ilikuwa sentimita 3.4 na mfereji 8.7. Gawa 8.7 kwa 3.4, zidisha kwa 8.56, unapata kama 21.9, yaani 22. Kwa uhakika zaidi nikamwambia apitishe uzi ndani ya mfereji mzunguko mzima, kisha aupime: 69. Gawa kwa 3.14, ni 22 ile ile. Mpira wa zamani asiupime, umeshavutika.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote: unene. Muuzaji anakupigia picha ya mpira umelala kama bangili, unauona duara tu. Mwambie ausimamishe ubavu kando ya rula. Mpira wa sentimita 22 uliopungua unene kidogo tu unaingia vizuri, kifuniko kinafunga, halafu mvuke unatoka pembeni na filimbi hailii hata maharage yaungue. Ukizidi unene, kifuniko hakizunguki, na watu hukilazimisha kwa nguvu mpaka mpira unajikunja. Huo usiupikie kabisa.

Upangaji wangu wa mipira basi, na upendeleo siufichi. Wa kwanza ni mpira halisi wa Hawkins, kama sufuria ni Hawkins. Kifuniko kinabanwa na mvuke wenyewe kutoka ndani, na mpira wake hausumbui kuutambua. Anayenunua sufuria mpya nami namwelekeza huko huko. Wa pili ni halisi wa Prestige, lakini jina la toleo lililogongwa kwenye sufuria lilingane na la kwenye pakiti, maana matoleo yao ni mengi. Wa tatu ni usio na jina, ulioupima upana na unene kwa macho yako. Wa kukatwa kwenye tyubu ya gari sina la kuuongelea.

Ukishaununua, usianze na pweza. Chemsha vikombe viwili vya maji matupu, utazame ukingo. Matone machache mwanzoni si kitu. Yakiendelea kuchuruzika baada ya mvuke kushika kasi, mpira si wake. Mvuke ukitoka kwenye kizibo cha usalama, zima jiko, hapo mpira hauna kosa.

Sasa nyinyi wenye maduka. Kwa nini mnaitoa mipira kwenye pakiti na kuitundika yote kwenye msumari mmoja? Pakiti ndiyo iliyoandikwa jina na saizi. Mteja wa Pemba akiuliza anajibiwa "huu unaingia zote", bei inapangwa kwa sura yake, na mpira ukikataa kuingia, "bidhaa ikishauzwa hairudi". Nauli ya kuurudisha Unguja inaushinda bei mpira wenyewe, na hilo mnalijua vizuri.