Uzoefu wangu na blenda ya wati 350 katika juisi ya pasheni na embe

Nimeitumia blenda hii kwa miezi minane, karibu kila jioni, na kazi yake kubwa nyumbani kwangu ni moja, nayo ni juisi ya pasheni na embe. Ni ya wati 350, ina jagi la plastiki la lita moja na nusu, spidi mbili, na alama ya P ambayo huzungusha visu kwa muda ule tu unaoishikilia swichi. Ndani ya boksi mlikuwa na chujio refu la wavu la kusimamisha katikati ya jagi, na juu ya boksi paliandikwa kwamba mashine inasaga barafu. Chujio hilo na maandishi hayo ndiyo yaliyonishawishi kununua, na ndiyo hasa yaliyoniangusha.

Juisi ya kwanza niliimwaga. Nilitia nyama ya pasheni kumi ndani ya chujio la wavu, nikawasha spidi ya pili kwa dakika nzima, nikapata kinywaji cha rangi ya kijivu chenye chembe nyeusi na ukakasi ambao sukari haikuuficha. Visu vilikuwa vimezikata mbegu, na vipande vyake ni vidogo mno kwa wavu ule kuvizuia. Siku hizi chujio hilo limelala kabatini. Natia nyama ya pasheni kwenye jagi pamoja na kikombe kimoja cha maji, kisha nagusa P mara nne au tano, kila mguso kama sekunde moja, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuutenga ute na mbegu, wala si kusaga. Ukitazama ubavuni mwa jagi utaziona mbegu zikielea nzima, nyeusi tupu, zimevuliwa ule ute wa manjano, hapo zima. Nachuja kwa chujio la kawaida la jikoni huku nikikandamiza kwa mgongo wa kijiko, halafu nazisuuza mbegu palepale kwenye chujio kwa nusu kikombe cha maji, maana ladha nyingi hubaki imezing'ang'ania.

Maji hayo ya pasheni hurudi kwenye jagi kwanza, ndipo linafuata embe dodo moja kubwa lililoiva, nililolikata vipande vidogo, pamoja na kikombe kingine cha maji na vijiko vitatu vya chakula vya sukari. Kwa kazi hii sina lawama, kwani sekunde arobaini za spidi ya kwanza hutoa uji laini usiohitaji kuchujwa tena. Mchanganyiko ukiwa mzito kupita kiasi, visu hujichimbia shimo la hewa na kuzunguka bure huku vipande vya juu vimetulia. Kuongeza spidi hakusaidii. Zima, koroga, ongeza maji kidogo. Embe zenye nyuzi nyingi ni habari nyingine: nyuzi hujiviringa kwenye visu, mlio wa mota unakuwa mzito, na juisi italazimika kuchujwa upya.

Kuhusu utamu, nilikosea kwa muda mrefu kwa kuonja juisi kabla haijapoa na kuridhika, kisha mezani wageni wakaiona imepooza. Ubaridi hupunguza utamu unaousikia ulimini, na barafu ikiyeyuka inaongeza maji. Kwa hiyo sasa naihesabu barafu kuwa sehemu ya maji: kati ya vikombe vitatu vya maji vya jagi zima, nusu kikombe cha mwisho huingia kama barafu, na juisi naiacha iwe tamu zaidi kidogo kuliko ninavyoipenda kabla ya kuitia barafu hiyo. Pasheni zikiwa kali sana naongeza kijiko cha nne cha sukari, ila nakitia barafu ikiwa bado haijaingia, kwa kuwa sukari huyeyuka kwa shida kwenye baridi.

Sasa dai la barafu. Mwezi wa tatu nilitia vipande vizima vya kutoka friza, nikasikia kishindo, kisha harufu ya mpira ulioungua. Yale meno ya plastiki yaliyo chini ya jagi, yanayopokea mzunguko kutoka kwenye mota, yalikuwa yamelika hadi yakawa mviringo, na visu havikuzunguka tena ingawa mota ilinguruma. Fundi alibadilisha kipuri kwa dakika chache na kusema aina hii ya meno ndiyo huletwa kwake mara kwa mara. Tangu hapo barafu naifunga kwenye kitambaa safi na kuitwanga kwa mchi, kisha naimimina mwishoni na kugusa P mara mbili tu. Kwa mwenye kusaga matunda laini ya familia ningemshauri ainunue. Kwa mwenye kibanda cha juisi, hapana, kwa sababu hata nyumbani naipumzisha kila baada ya dakika moja ya kusaga ili kitako kisipate moto.