Diski ya kuchomeka kwenye ruta: inunuliwe ipi?

Kabla ya kwenda dukani, geuza ruta utazame tundu lake la USB. Kwa kawaida, USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500 na USB 3.0 miliampia 900. Diski ya kuzunguka hula umeme mwingi zaidi pale inapoanza. Ikiukosa, utaisikia ikigonga-gonga, taa ikiwaka na kuzima, na ruta haitaiona.

1. Diski ya inchi 2.5, TB 1 au 2. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo ya kununua. Kinachobana kasi ni ruta: nyingi zenye USB 2.0 huandika megabaiti 10 hadi 20 kwa sekunde. Kwa megabaiti 15, video ya GB 4 huchukua kama dakika nne na nusu, na kujaza TB 1 ni zaidi ya saa 18. Kwa hiyo mafaili ya mwanzo yapakie kwa kuichomeka diski kwenye kompyuta moja kwa moja, ndipo uihamishie kwenye ruta. Kama tundu ni la USB 2.0, nunua pia habu ya USB yenye adapta yake ya umeme.

2. SSD ya nje. Haina kinachozunguka, hivyo huvumilia kuangushwa na joto la kabati la TV. Ila kupitia ruta hiyo hiyo haitakuwa na kasi ya maana kuliko ya kwanza, nawe umelipa zaidi kwa kila GB.

3. Diski ya inchi 3.5. Inafaa ukihitaji TB 4 na kuendelea. Ina adapta yake ya volti 12, kwa hiyo UPS ndogo inayobeba ruta peke yake haiisaidii: umeme ukikatika, ruta inabaki hewani huku diski ikizimika katikati ya kuandika, na faili lililokuwa likihifadhiwa huharibika.

4. Flashi. Ya kupitishiana nyaraka tu. Kuandikwa kila siku huichosha mapema.

Sasa jambo linalowakwamisha wengi hata diski ikiwa nzuri. Ruta za zamani huzigawia kompyuta mafaili ya diski kwa itifaki ya kale ya SMB1 pekee, na Windows 10 ilianza kuiondoa kwa toleo 1709 la mwaka 2017. Ukiandika `\\192.168.1.1` (weka anwani ya ruta yako) utaambiwa kwamba njia hiyo si salama. Usiiwashe SMB1 kwenye kompyuta: virusi vya WannaCry vilisambaa mwaka huo huo kwa kutumia udhaifu wake. Sasisha programu ya ruta, na ukurasa wake wa mipangilio usipoonyesha SMB2 au SMB3, pesa ya diski itangulie kununua ruta.

Diski iandaliwe kwa NTFS au exFAT, ile ambayo mwongozo wa ruta unaitaja. FAT32 hukataa faili moja linalofika GB 4. Weka nenosiri kwenye folda za pamoja, zima FTP ya kuingilia kutoka mtandaoni, na usichomoe diski kabla ya kubonyeza `Safely Remove` kwenye ukurasa wa ruta.