Pateni ipi ununue, na saizi gani: kusoma jedwali la vipimo kabla ya kulipa

Mtu anayevaa saizi 10 ya Kimarekani dukani akifungua jedwali la vipimo la kampuni za pateni, yaani karatasi za kukatia nguo, kama McCall's, Simplicity, Butterick au Vogue, atajikuta kwenye 16, pengine 18. Wengi hudhani jedwali limekosewa, wananunua 10 waliyoizoea, na gauni linagoma kupita mabegani.

Jedwali halijakosewa. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake wapatao 15,000, na mwaka 1958 vipimo hivyo vikazaa kiwango rasmi cha saizi za nguo. Kiwango hicho kilifutwa mwaka 1983. Viwanda vya nguo vikawa huru kuita saizi vitakavyo, na kwa kuwa mteja hufurahia namba ndogo, namba zikazidi kushuka huku nguo ikibaki na upana uleule. Kampuni za pateni zilirekebisha majedwali yao mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha zikatulia hapohapo. Kwa hiyo lebo ya nguo ya mitumba haikusaidii kuchagua pateni. Chukua tepu.

Pima sehemu nne: kifua cha juu (tepu ipite chini ya makwapa, juu ya matiti), kifua kamili penye matiti, kiuno, na nyonga mahali palipojaa zaidi. Kipimo cha kwanza ndicho watu hukiruka, na ndicho kinachoamua mabega na shingo vitakaaje. Pateni za kampuni hizo nne kwa kawaida huchorwa kwa kikombe B cha sidiria, yaani tofauti ya kama sentimita 5 kati ya kifua cha juu na kifua kamili. Tofauti yako ikizidi hapo, tumia kifua cha juu badala ya kifua kamili unapotafuta saizi.

Tuchukue mteja mwenye kifua cha juu sm 92, kifua kamili 99, kiuno 80, nyonga 106. Jedwali linasema 14 ni kifua 92, kiuno 71, nyonga 97. 16 ni 97, 76 na 102. 18 ni 102, 81 na 107. Akifuata kifua kamili atachukua 16 au 18, na shingo itampwaya hata mkanda wa sidiria uonekane. Tofauti yake ni sm 7, basi juu anakata 14. Anapanua kipande cha mbele penye matiti kwa sm 3.5, maana kipande hicho ni nusu ya upande wa mbele, kisha anachora mstari taratibu kutoka 14 hadi 18 kiunoni na nyonga. Angalia pia bahasha: nyingi huuzwa kwa makundi, kwa mfano 6 hadi 14 au 14 hadi 22. Huyu akinunua la kwanza, pesa imekwenda bure.

Bado kuna kipimo cha nguo iliyokamilika, ambacho huandikwa nyuma ya bahasha au kwenye karatasi yenyewe ya pateni. Toa kipimo cha mwili, utapata nafasi iliyoachwa. Gauni la kukaa mwilini la kitambaa kisichovutika huachiwa kama sm 7.5 hadi 10 kifuani. Ukikuta 15 na wewe unataka libane, shuka saizi moja. Hapa ndipo lawama ya “pateni zao ni kubwa mno” inapotokea mara nyingi.

Sasa, ununue ipi? Ya kwanza kwangu ni pateni yenye vipande tofauti vya vikombe, kama za Cashmerette wa Marekani. Mwenye matiti makubwa hana haja ya kupasua karatasi na kupanua, na bei yake ya juu inarudi kwa kitambaa kisichoharibika. Ya pili ni hizo kampuni nne, mradi uchague kwa kifua cha juu. Ya tatu ni jarida la Burda: kwa bei ya jarida moja unapata mitindo mingi, na namba zake ni za Kijerumani, 38 ikiwa kifua sm 88 na 40 ikiwa 92. Ila pateni za jaridani hazina nafasi ya mshono. Unaiongeza mwenyewe unapokata, na mistari ya mitindo kadhaa imepandana kwenye karatasi moja. Kwa anayeanza ni mateso.

Ya mwisho ni faili la PDF la bei ya kutupa lenye S, M, L tu, bila sentimita na bila kipimo cha nguo iliyokamilika. Hilo liache hata likiwa la bure. PDF nyingine yoyote, ichape kwa asilimia 100, kisha upime kwa rula kile kisanduku cha majaribio kabla hujagusa mkasi.