Kipimo cha wati: ununue pedali, kranki au treina?

Swali ninaloulizwa kila Jumapili tukisimama kunywa chai Kiserian ni hili: "Kaka, kipimo gani ndicho sahihi zaidi?" Mimi huona swali lenyewe limekosewa. Ukitaka kufanya mazoezi kwa kanda za nguvu, unachohitaji ni kipimo kinachosema jambo lilelile leo na mwezi ujao. Kikidanganya kwa wati kumi, na kidanganye kwa kumi zilezile kila siku, wala hutadhurika. Kigeugeu ndicho cha kukimbia.

Sababu iko kwenye hesabu ya jaribio linalokupa kanda hizo. Unapasha misuli moto, unakanyaga dakika 5 kwa nguvu zako zote ili kuondoa ule uchangamfu wa mwanzo, unatulia kwa dakika kama 10, kisha unaingia kwenye dakika 20 ngumu kadiri unavyoweza kustahimili. Wastani wa wati wa dakika hizo 20 unauzidisha kwa 0.95, maana nguvu ya dakika 20 ni kubwa kidogo kuliko ile unayoweza kuishikilia kwa karibu saa nzima. Jibu ndicho kizingiti chako, kile ambacho kompyuta ya baiskeli hukiandika FTP. Kanda zote ni asilimia ya namba hiyo, kwa hiyo kipimo kikipungukiwa siku ya jaribio na siku ya mazoezi kwa kiasi kilekile, kanda zinabaki mahali pake.

Katika jaribio langu la kwanza niliondoka kama mwizi. Dakika 4 za mwanzo nilikuwa kwenye wati 285, nikijiona bingwa, kisha miguu ikageuka mawe na zile 16 zilizobaki nikaburuta 225. Wastani ukawa 237. Wiki moja baadaye, barabara ileile ya kupanda kutoka upande wa Magadi kuelekea Kona Baridi, nilianza na 240 kwa dakika 5, nikaenda 245, kisha 250, na tano za mwisho nikazitoa kwa 265. Wastani ukawa 250, kizingiti 238. Ningebaki na lile la kwanza, kizingiti kingekuwa 225, yaani wati 13 pungufu, na kosa lilikuwa langu wala si la kifaa. Kwa 238, kanda ya pili ya safari ndefu za utulivu, asilimia 56 hadi 75, ni wati 133 hadi 178. Kanda ya nne, ile ya vipindi vya kizingiti, ni asilimia 91 hadi 105, kwangu 217 hadi 250.

Sasa tuje dukani.

Nafasi ya kwanza naipa pedali zinazopima pande zote mbili, kama Favero Assioma au Garmin Rally. Unazifunga mwenyewe kwa dakika chache, na ukiuza baiskeli unazihamisha. Kila mguu unapimwa peke yake, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Udhaifu wake ni kwamba ziko chini kabisa, ndizo zinazogusa ardhi ukianguka, na lazima vibati vya chini ya viatu vyako viendane nazo. Jambo moja wengi hulisahau: pedali haijui kranki yako ni ndefu kiasi gani, ni wewe unayeiambia. Ukiwa na kranki ya milimita 170 halafu ukaacha kompyuta ikisoma 175, kila namba itapanda kwa karibu asilimia 3. Kizingiti cha 238 kinageuka 245 bila mguu kuongezeka nguvu hata kidogo. Urefu umeandikwa upande wa ndani wa kranki; usome kabla ya safari ya kwanza.

Ya pili ni kranki ya kushoto peke yake, na kwa mtu anayeanza huenda ndiyo ya busara, kwa kuwa bei yake huwa takriban nusu ya pedali za pande mbili. Inapima mguu wa kushoto na kuzidisha kwa mbili. Tuseme unatoa wati 250 na mguu wa kushoto unachangia asilimia 48, yaani 120. Kifaa kitakuonyesha 240. Hilo halina shida ukitumia kifaa hicho kwenye jaribio na kwenye mazoezi pia. Shida huja kwa mtu ambaye mguu wake wa kushoto hulegea akichoka, au aliyewahi kuumia goti: mgawanyo unabadilika katikati ya dakika 20 na kifaa hakina habari. Kabla ya kulipa, hakikisha kranki inalingana na mtindo na urefu wa ile ya kulia, na kwamba kile kidude kilichobandikwa kwa ndani hakitakwaruza fremu.

Ya tatu ni kile kinachokaa katikati, penye gia za mbele. Kinadumu, kimejificha, na ndiyo njia iliyoanzishwa na SRM ya Ujerumani miaka ya 1980. Nimekishusha kwa sababu moja tu: kukifunga kunataka fundi mwenye vifaa, na kukihamishia baiskeli nyingine ni kazi. Mwenye baiskeli moja asiyepanga kuibadilisha anaweza kukipandisha hadi juu.

Treina ya ndani yenye kupima wati naiweka ya nne. Kwa jaribio lenyewe ni nzuri mno, hakuna matatu wala matuta. Lakini inapima nguvu baada ya mnyororo kula sehemu yake, kwa hiyo mara nyingi husoma chini kidogo ya pedali, na ndani bila upepo mwili hupata joto haraka. Ukijipima kwenye treina kisha ukatumia kanda hizo barabarani na kifaa kingine, unachanganya mizani mbili za sokoni. Kadhalika na mwinuko: kizingiti cha Mombasa usikipeleke Iten, mita 2,400 juu ya bahari, ukitarajia kukishika.

Makadirio ya wati ya programu za simu, yanayobuniwa kutokana na mwendo na uzito wako, siyapi nafasi. Upepo wa mbele ukivuma, hayajui.

Ukinunua kilichotumika, nenda na kompyuta yako. Vifaa hivi hupima jinsi chuma kinavyopinda kwa kiasi kidogo sana, na joto hukiathiri, ndiyo maana baiskeli iliyotoka ndani ya nyumba asubuhi ya baridi iachwe nje kama robo saa kabla ya kurudishwa kwenye sifuri. Hapo kwa muuzaji, rudisha sifuri mara tatu bila kugusa pedali, huku kranki ikiwa katika mkao unaotajwa kwenye maelekezo. Namba zinazojitokeza ziwe karibu sawa. Zikiruka huku na huko, badilisha betri, mara nyingi ni CR2032 ya bei ndogo, ujaribu tena. Zikiendelea kuruka, mrudishie mwenye mali yake.